Sangara, Dagaa na Mishale ya Nishati: Kuusoma Mtandao wa Chakula wa Ziwa Victoria katika Picha

Katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, dagaa waliokaushwa na sangara aliyetoka kwenye barafu hupimwa kwa mizani, kila mmoja kwa bei yake. Bei hiyo haituambii ziwa limetumia nini hadi kuwapata. Ili kulijua hilo hatuna budi kushuka chini ya maji, tuifuate nishati kutoka kwa mwani hadi kwa samaki, na tuihesabu kila inapotoka kwa mliwa kwenda kwa mlaji. Ni hesabu ile ile inayofundishwa katika baiolojia ya sekondari, na wauguzi na maofisa lishe huihitaji tena baadaye, pale wanapoulizwa kama ni busara dagaa wa ziwa letu kulishwa kuku.

Mchoro wa kufanyia hesabu hiyo mara nyingi humfikia msomaji ukiwa picha. Karatasi kubwa imebandikwa ukutani, mtu ameipiga picha kwa simu, na picha imetumwa kutoka simu moja hadi nyingine mpaka tarakimu zimeanza kufifia. Kwa hiyo makala haya yanashughulikia mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuisoma picha ya namna hiyo bila kudanganyika, na namna ya kukokotoa nishati inayopita pamoja na asilimia ya ufanisi wake. Viumbe waliomo na uhusiano wao ni wa kweli. Tarakimu zimetungwa kwa ajili ya mafunzo, zikiwa na ukubwa unaoweza kuaminika, na zisichukuliwe kuwa vipimo vya ziwa.

Mshale unaelekea wapi

Jambo la kwanza la kuangalia ni ncha ya mshale. Katika mtandao wa chakula mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, kwa kuwa unaonyesha safari ya nishati. Wasomaji wengi huuchukulia kama kidole cha mlaji kinachokionyesha chakula chake, na wakifanya hivyo mchoro wote hupinduka: dagaa wanakuwa wanamla sangara. Ikiwa picha ina ukungu na ncha hazionekani, anza na mwani. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na hakuna mshale wa chakula unaoweza kuingia kwake kutoka kwa mnyama yeyote. Ukishaupata mwelekeo wa mshale mmoja wa mwani, mingine yote huielewi kwa kubahatisha tena, bali kwa kuifuata.

Jambo la pili ni kutofautisha tarakimu zilizo juu ya mishale na zile zilizo ndani ya visanduku. Katika mchoro wetu, tarakimu ya mshale ni nishati iliyoliwa. Tarakimu ya kisanduku ni nishati iliyogeuka kuwa mwili mpya wa kiumbe hicho, yaani ukuaji wake na watoto wake, katika mwaka mmoja. Zote zinapimwa kwa kilojuli katika kila mita moja ya mraba ya ziwa kwa mwaka. Pembeni mwa picha kipimo hiki huandikwa kwa herufi ndogo, na ndicho hukatwa kwanza mpiga picha anaposogea karibu. Bila hicho huwezi kujua kama kisanduku kinaeleza kilichozalishwa kwa mwaka au uzito wa viumbe waliokuwapo siku moja ya kupimwa. Tofauti hiyo si ndogo. Mwani huzaliana na kuliwa upesi mno, hata uzito wake wa siku moja huwa mdogo ukilinganishwa na unachozalisha katika mwaka mzima. Anayeweka uzito wa siku moja mahali pa uzalishaji wa mwaka atapata ufanisi wa kupendeza usio na maana yoyote.

Mchoro wenyewe, ukihamishwa kutoka katika picha kwenda katika jedwali, unasomeka hivi:

| Kiumbe | Alichokula (kJ) | Mwili mpya (kJ) |
|---|---|---|
| Mwani | mwanga wa jua | 40,000 |
| Zuplanktoni | mwani 15,000 | 3,000 |
| Mabuu ya wadudu | mabaki 4,000 | 500 |
| Uduvi | mabaki 4,000 | 400 |
| Sato | mwani 1,000 | 100 |
| Dagaa | zuplanktoni 1,500. Mabuu 300 | 180 |
| Furu | zuplanktoni 1,300. Mabuu 100 | 170 |
| Sangara | dagaa 100, furu 150, uduvi 250 | 50 |

Zuplanktoni ni wale wanyama wadogo sana waeleao majini. Mabaki ni mwani uliokufa ukazama, pamoja na takataka nyingine zinazotua kwenye tope la chini. Mabuu ni ya wale wadudu ambao, wakishakomaa, huruka juu ya ziwa kwa mawingu yanayofanana na moshi; kila wingu la namna hiyo linalopeperushwa hadi nchi kavu ni nishati inayoliacha ziwa bila kupita kwa samaki yeyote. Sato amerahisishwa: katika maji halisi hula vitu vingi zaidi ya mwani.

Dagaa peke yao

Tuanze na kisanduku kimoja. Dagaa wamekula kilojuli 1,500 za zuplanktoni na 300 za mabuu, jumla 1,800. Mwili mpya waliojenga ni kilojuli 180. Ufanisi wao ni 180 ÷ 1,800 × 100, yaani asilimia 10.

Hesabu ni fupi, lakini kosa linalojitokeza mara nyingi limo humu humu. Mwanafunzi huona mshale mnene wa zuplanktoni, husahau mwembamba wa mabuu, kisha hugawa 180 kwa 1,500 na kupata asilimia 12. Kwenye mnyororo wa chakula, ambamo kila mlaji ana chakula kimoja, kosa hilo haliwezekani. Kwenye mtandao ni lazima kwanza uhesabu mishale yote inayoingia katika kisanduku, uandike idadi yake pembeni, ndipo ujumlishe.

Je, kilojuli 1,620 zilizobaki zimekwenda wapi? Hapa mchoro mzuri huwa na mishale miwili mingine, aghalabu yenye mawimbi. Mmoja ni wa upumuaji: nishati iliyounguzwa na mwili ili kuogelea, kuusukuma moyo na kuviendesha viungo vingine, ikaishia kuwa joto. Katika mchoro wetu ni kilojuli 1,260. Mwingine ni wa kisichosagika, ambacho hutoka kama kinyesi na kurudi kwenye mabaki, kilojuli 360. Jumlisha: 1,260 na 360 na 180 ni 1,800 kamili. Kilichoingia kimetoka chote.

Mizania hiyo ndiyo inayomwokoa msomaji wa picha mbovu. Tuseme taa ya simu imeakisiwa na karatasi, na mng'ao umefunika kisanduku cha dagaa chote. Bado unaweza kuipata tarakimu iliyofichwa kwa kutoa upumuaji na kinyesi kutoka katika kilicholiwa. Kinyume chake, tuseme kisanduku kinaonekana lakini unadhani umesoma 1,800 badala ya 180. Ufanisi ungekuwa asilimia 100, yaani samaki asiyepumua wala kunya. Ni wazi kwamba umeongeza sifuri. Na mshale wa uduvi kwenda kwa sangara ukiusoma 2,500 badala ya 250, utakuta uduvi wameliwa kuliko walivyozaliwa, kwa sababu kisanduku chao kina 400 tu. Katika mchoro wa mwaka mmoja uliosawazishwa, jumla ya mishale inayotoka katika kisanduku haiwezi kukipita kisanduku chenyewe. Fanya ukaguzi huo kabla ya hesabu yoyote, si baada yake.

Ni vyema pia kujua kwamba maneno “asilimia ya ufanisi” yana maana zaidi ya moja. Ukigawa mwili mpya kwa chakula kilichosagika, badala ya kilicholiwa, dagaa wanapata 180 ÷ 1,440, ambayo ni asilimia 12.5. Jibu hilo si kosa. Linajibu swali lingine: mwili unafanya nini na kile ulichokwisha kukifyonza. Mtaalamu wa fiziolojia hulipenda zaidi swali hili la pili, mvuvi na ofisa lishe wanalihitaji la kwanza. Kabla ya kulinganisha asilimia za vitabu viwili, angalia kila kimoja kimegawa kwa nini.

Kutoka ngazi hadi ngazi

Swali la mtihani kwa kawaida haliulizi juu ya kiumbe mmoja, bali juu ya ngazi: ni asilimia ngapi ya nishati ya wazalishaji inayofika kwa walaji wa kwanza, na kutoka hapo kwa walaji wa pili? Sasa tunalinganisha visanduku, si kisanduku na mishale yake.

Ngazi ya kwanza ni mwani, 40,000. Mabaki hayaongezwi. Kishawishi cha kuyaongeza ni kikubwa, maana yana kisanduku chake na mishale inayotoka humo, lakini mabaki ni mwani ule ule uliokufa pamoja na kinyesi cha walioula. Ukiyajumlisha na mwani unahesabu jua moja mara mbili.

Ngazi ya pili ni wote wanaokula mwani au mabaki yake: zuplanktoni, mabuu, uduvi na sato. Jumla yao ni 3,000 + 500 + 400 + 100, yaani 4,000. Ufanisi wa hatua ya kwanza ni 4,000 ÷ 40,000, asilimia 10.

Ngazi ya tatu ni dagaa na furu, 180 na 170, jumla 350. Na ngazi ya nne ni sangara, 50. Kwa hesabu hiyo hatua ya pili ni asilimia 8.75 na ya tatu ni 50 ÷ 350, yaani asilimia 14.3. Wanafunzi wengi huishia hapa, na majibu huonekana mazuri. Lakini asilimia 14.3 si ya kweli, na ni sangara anayetufundisha kwa nini.

Tazama alichokula. Kati ya kilojuli 500 alizokula, 250 zimetoka kwa uduvi, na uduvi wako ngazi ya pili. Anapomla uduvi, sangara ni mlaji wa ngazi ya tatu, sawa na dagaa. Anapomla dagaa au furu ndipo anakuwa wa ngazi ya nne. Nusu ya chakula chake, basi, inamweka chini na nusu inamweka juu. Ngazi yake halisi hupatikana kwa kuchukua wastani wa ngazi za vyakula vyake kwa uzito wa kila kimoja, kisha kuongeza 1: (100 × 3 + 150 × 3 + 250 × 2) ÷ 500 + 1, jibu ni 3.5. Samaki mmoja anaweza kuishi katikati ya ngazi mbili, na wengi wa ziwa letu wanaishi hivyo.

Tukimgawa ipasavyo, kilojuli 25 za mwili wake zinahesabiwa ngazi ya tatu na 25 ngazi ya nne. Ngazi ya tatu sasa ni 375, na hatua ya pili inapanda kidogo hadi asilimia 9.4. Ngazi ya nne ni 25 tu, na hatua ya tatu ni 25 ÷ 375, asilimia 6.7. Njia ya mkato ilikuwa imetupa zaidi ya maradufu ya jibu sahihi. Iwapo katika mchoro wowote ufanisi unapanda ghafla ngazi za juu, jambo la kwanza la kushuku ni mlaji wa juu anayejilisha kwa siri ngazi za chini.

Msomaji ataona kwamba majibu yetu yanaizunguka asilimia 10, ile inayokaririwa madarasani kana kwamba ni sheria ya maumbile. Siyo. Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani aliyelichunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minesota, ndiye aliyeijenga hesabu hii ya ngazi katika makala yaliyochapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Katika ziwa hilo alipata asilimia 13.3 kwa walaji wa mimea na 22.3 kwa walaji wa nyama. Mwaka 1995 Daniel Pauly na Villy Christensen, walipokusanya mifano mingi ya bahari na maziwa, walipata wastani wa karibu asilimia 10, lakini mfano mmoja mmoja ulitofautiana kuanzia kama 2 hadi 24. Kumi ni wastani wa kukadiria pale ambapo hakuna tarakimu. Mchoro ukiwa na tarakimu zake, kuitumia kumi badala yake ni kukataa kuusoma.

Ziwa linalipa kiasi gani

Turudi kwenye mizani ya Mwaloni. Sasa tunaweza kuuliza: kwa kila kilojuli moja ya dagaa, ni kilojuli ngapi za mwani, mzima au uliokufa, zimelazimika kuliwa chini ya ngazi zake?

Dagaa walikula zuplanktoni 1,500. Zuplanktoni hujenga kilojuli moja kwa kula tano (15,000 kwa 3,000), hivyo nyuma ya hizo 1,500 kuna mwani 7,500. Walikula pia mabuu 300, na mabuu hujenga moja kwa kula nane, hivyo kuna mabaki 2,400. Jumla ni 9,900 kwa ajili ya dagaa 180. Kila kilojuli ya dagaa imegharimu 55.

Kwa sangara tunafanya hivyo hivyo, chakula kimoja kimoja. Dagaa 100 wanabeba gharama ya 5,500. Furu, ukiwakokotoa kwa njia ile ile, wanagharimu karibu 43 kwa kila kilojuli, hivyo furu 150 wanabeba takriban 6,440. Uduvi 250 wanabeba 2,500, kwa kuwa hula mabaki moja kwa moja na kujenga moja kwa kumi. Jumla ni kama 14,440 kwa mwili mpya wa kilojuli 50, yaani karibu 290 kwa kila kilojuli ya sangara.

Mia mbili na tisini kwa hamsini na tano: zaidi kidogo ya mara tano. Anayetumia kanuni ya kumi kwa moja, akimhesabu sangara kuwa ngazi moja kamili juu ya dagaa, angesema mara kumi, na angekuwa sahihi tu kama sangara hali kingine ila dagaa. Uduvi ndio wanaoipunguza gharama yake, kwa kuwa ni njia fupi kutoka kwenye tope hadi kwenye minofu.

Hiyo ni hesabu ya samaki mzima. Dagaa huliwa mzima, na kichwa na mifupa yake, jambo linalompa mlaji kalisi nyingi kuliko ile ya minofu. Minofu ya sangara ni chini ya nusu ya uzito wake. Kinachobaki kiwandani ni vichwa na mifupa, yale tunayoyaita mapanki, na watu wa Mwanza wanajua kwamba nayo hayatupwi. Mfanyabiashara wa minofu na mama anayechemsha mapanki wanakula sehemu mbili za gharama ile ile ya 290, ingawa mmoja ndiye anayelipwa kwa dola.

Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili haifiki kabisa kwenye sahani ya mtu. Husagwa ikawa chakula cha mifugo na cha samaki wa kufugwa. Nguvu ya hesabu yetu ni kwamba inaendelea hata nje ya maji: kuku ni ngazi nyingine, ana mshale unaoingia, joto linalotoka, kinyesi na mwili mpya. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, kati ya kila kilojuli 100 za chakula anachokula kuku wa nyama, takriban 12 ndizo humrudia mtu kama nyama. Kwa kuku wa mayai ni kama 22. Kwa hiyo kilojuli moja ya dagaa iliyoligharimu ziwa 55, ikipitia kwa kuku wa nyama, kila kilojuli inayofika mezani kupitia njia hiyo inakuwa na gharama ya karibu 460. Imempita sangara.

Hapa inafaa kusema hesabu hii inaishia wapi. Dagaa huwekwa katika chakula cha kuku kwa ajili ya protini, pamoja na pumba na mahindi, wala si kama chanzo kikuu cha nishati. Mishale ya kilojuli haioni protini, haioni madini ya chuma wala vitamini A. Mtoto wa Kayenze au wa Ukerewe anaweza kushiba ugali, akatimiza nishati ya siku, na bado akakosa kile ambacho konzi moja ya dagaa ingempa. Ofisa lishe akiuliza kama dagaa waende kwa kuku au kwa mtoto, asilimia za mchoro zinampa nusu moja ya jibu. Nusu ya pili haimo katika picha hiyo hata ikipigwa kwa kamera nzuri namna gani.

Picha ya mwaka gani?

Kuna tarakimu moja ambayo mara nyingi haiandikwi kabisa kwenye karatasi za ukutani, nayo ni mwaka. Kwa Ziwa Victoria ukosefu huo ni mbaya kuliko mng'ao wa taa.

Sangara hakuwamo ziwani humu zamani. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uchunguzi wa ziwa zima uliofanywa kati ya 1969 na 1971 bado uliwakuta furu kuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa kwa nyavu za kukokota. Walikuwa mamia ya spishi, na kila kundi lilikuwa na mlo wake: wapo waliokula mwani na mabaki, wapo waliokula zuplanktoni, konokono, wadudu, hata samaki wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mbele ya macho ya watafiti wa Kitanzania na wa Kidachi waliokuwa wakivua kwa vipimo katika Ghuba ya Mwanza, sangara waliongezeka kwa kasi na furu karibu wote wakatoweka katika nyavu zao. Nafasi za walao zuplanktoni zikachukuliwa na dagaa. Nafasi za walao mabaki zikachukuliwa na uduvi. Sangara, aliyekuwa akila furu, akahamia kwa uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wamerejea, na mlo wake umebadilika tena. Isitoshe, mlo huo hubadilika hata katika maisha ya samaki mmoja: sangara mchanga hula zuplanktoni, wadudu na uduvi, mkubwa hula samaki.

Tuijaribu hali hiyo kwa tarakimu zetu. Sangara anayekula furu peke yao, kilojuli 500 kwa kujenga 50, ana ngazi ya 4 na gharama ya karibu 430 kwa kila kilojuli. Sangara yule yule akila uduvi tu, ana ngazi ya 3 na gharama ya 100. Ufanisi wa mwili wake haujabadilika hata chembe. Katika hali zote mbili ni 50 kwa 500, asilimia 10. Kilichobadilika ni umbali kati yake na mwani, na umbali huo unategemea karatasi ilichorwa kabla furu hawajatoweka, baada ya hapo, au walipoanza kurudi.

Mwalimu wa Nyamagana au wa Sengerema anayetaka wanafunzi wake wafanye zoezi hili afanye mambo machache ya kawaida. Karatasi ipigwe picha kwa mwanga wa dirisha, bila taa ya simu, simu ikiwa imekabiliana nayo sawasawa. Picha moja iwe ya mchoro mzima pamoja na kipimo na kichwa chake, nyingine ziwe za karibu, robo kwa robo. Tarakimu zihamishwe kwenye jedwali na kukaguliwa kisanduku kwa kisanduku kabla ya mtu yeyote kugawa. Na pale juu, karibu na neno “kilojuli”, uandikwe mwaka wa mchoro na ukubwa wa sangara aliyepimwa tumbo.